Kiti namba 52: basi la mashabiki, mechi ya kombe ugenini, na usiku ambao nusura tusirudi

Daftari langu la mechi halina maneno mengi, naandika saa na kilichotokea basi, maana ukiwa katikati ya watu wanaopiga ngoma huwezi kuandika insha. Ukurasa wa safari hii unaanza hivi: "Saa 12:10 asubuhi. Nimefika. Basi lipo. Watu wengi kuliko viti." Halafu mstari wa chini yake: "Nimepata kiti cha mbele kabisa, pale karibu na mlango. Bahati yangu." Huo mstari wa pili nimeusoma mara nyingi sana tangu turudi, na kila nikiusoma naona aibu kidogo. Nitaeleza kwa nini, ila twende taratibu kwanza maana kisa chenyewe kina asubuhi yake na usiku wake, na watu wengi waliokuwemo kwenye lile basi mpaka leo wanadhani ni mambo mawili tofauti.

Hesabu ya safari ilikuwa hivi. Umbali kilomita 540. Basi lina kifaa cha kuzuia mwendo, halivuki 80 kwa saa hata ukanyage mpaka chini. Mechi saa 10 jioni. Kiongozi wetu wa msafara akachukua 540 akagawa kwa 80, akapata saa sita na dakika 45, akaongeza vituo viwili vya robo saa robo saa, akasema tukiondoka saa 12 na nusu asubuhi tutafika saa 7 na dakika 45 mchana, tutakuwa na zaidi ya saa mbili za kuzunguka mji na kupiga picha na skafu. Wote tukakubali. Mimi mwenyewe nilijibu "safi sana kiongozi". Ile hesabu ukiitazama haina kosa la kujumlisha wala kugawa, kosa lake liko kwingine, ni kwamba 80 ni mwendo wa juu kabisa wa basi na yeye aliutumia kama wastani.

Ili basi liwe na wastani wa 80 inabidi liwe kwenye 80 kila sekunde ya safari, kitu ambacho hakiwezekani. Chukua kilima kimoja tu, tulikuwa nyuma ya lori lililobeba mzigo, linapanda kwa 30, hakuna pa kulipita, kilomita 6. Kwa 80 hizo kilomita 6 ni dakika nne na nusu, kwa 30 ni dakika 12. Umepoteza dakika saba na nusu, na hapo ndo penye utamu, huwezi kuzirudisha. Gari dogo likishapita lori linakanyaga mpaka 110 linafidia. Basi lenye kizuizi halifidii, dakika ikipotea imepotea. Ongeza matuta ya kila kijiji, ongeza mizunguko ya kuingia na kutoka mijini, ongeza mizani. Nilipiga hesabu baadaye kwa kutumia saa nilizoandika: muda ambao magurudumu yalikuwa yanazunguka kwenda tu, ukiondoa kusimama, ulikuwa saa 7 na dakika 56. Wastani 68. Na ramani ya kwenye simu ilikuwa inasema saa 6 na dakika 20, kwa sababu inamhesabia mtu wa gari dogo.

Vituo navyo. "Robo saa jamani, robo saa tu!" ndivyo alivyopiga kelele kiongozi tuliposimama mara ya kwanza. Pale mahali pana vyoo vitatu. Sisi ni watu 52 na dereva. Gawa, ni kama watu 17 au 18 kila mlango, na mpe kila mtu dakika mbili tu (wengine wamevaa jezi juu ya jezi na bendera imefungwa kiunoni, dakika mbili hazitoshi), hapo tayari ni dakika 35 kabla mtu hajanunua hata maji. Daftari linasema tulikaa dakika 40, na kituo cha pili dakika 30. Hakuna aliyezembea. Milango mitatu ndo ilikuwa inaamua, na kiongozi angekuwa na busara ya kuhesabu milango badala ya kupiga mluzi tungejua mapema.

Sasa jumlisha mwenyewe. Hata kama tungeondoka saa 12 na nusu kamili kama ilivyopangwa, saa 7 na dakika 56 za barabarani, saa moja na dakika 10 za vituo, tungefika saa 9 na dakika 36. Halafu kuegesha, kutembea, foleni ya kukaguliwa, hiyo ni nusu saa kama una bahati. Tungekaa kwenye jukwaa dakika ya sita ya mchezo. Yaani mpango wenyewe ulikuwa umeshafeli tukiwa bado tumelala majumbani, ila hakuna aliyejua, kwa sababu kilichotokea asubuhi kilikuwa kikubwa na cha kelele kiasi kwamba lawama zote zikaenda huko.

Kilichotokea asubuhi ni hiki. Basi lina viti 52 vya abiria. Orodha ya mashabiki waliolipa ilikuwa ya majina 52. Imekaa sawa kabisa, si ndio? Ila saa 12:15 akatokea kaka mmoja na begi dogo, kavaa shati safi, hana jezi wala nini, akasimama mlangoni akauliza kiti chake kipi. Watu wakamwambia bro basi limejaa, akasema mimi ni dereva wa pili.

Kumbe mwenye basi alimwambia kiongozi wetu tangu mwanzo kwamba safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa umbali ule inataka madereva wawili, na kwamba kiti kimoja, kile cha mbele karibu na mlango, si cha kuuzwa. Orodha ilitakiwa iishie 51. Na kwa wiki nzima ilikuwa 51. Halafu usiku wa kuamkia safari mtu mmoja akampigia kiongozi akamlilia, kaka nifanyie mpango, mechi kama hii siwezi kuikosa, hata nikae kwenye ngazi. Kiongozi akaona huruma, akaongeza jina la 52, akajisemea mambo yatajipanga hukohuko. Huyo aliyelia ni mimi.

Nilikuwa sijui. Nasema hivyo sio kujitetea, ni kwamba ndivyo ilivyokuwa, sikuwa najua kwamba kiti nilichokalia kina kazi nyingine. Ila ule ubishi wa mlangoni niliusikia wote, nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka pale, na sikunyanyuka. Dakika 55! Wengine wanasema asimame, yeye anasema siwezi kusimama saa nane halafu usiku nishike usukani wa watu 50, na alikuwa na haki kabisa. Wengine wanasema mtu mmoja ashuke, kila mtu anaangalia dirishani. Mwisho dereva wa kwanza, mzee mmoja mpole sana, akamaliza ubishi mwenyewe, akasema, "Jamani mnachelewa, muacheni kijana arudi akalale, mimi njia hii naijua, nitawapeleka na nitawarudisha." Watu wakapiga makofi. Yule kaka akatuangalia, akachukua begi lake akaondoka. Daftari: "Saa 1:25. Tumeondoka. Hatimaye!!" Nimeweka alama mbili za mshangao.

Safari ya kwenda sina mengi, ilikuwa kelele tupu mpaka kituo cha kwanza, halafu usingizi, halafu kelele tena. Nyuma yangu alikaa mzee ambaye anafuata timu tangu ujana wake, akawa anatupa darasa. Mtu akamuuliza mechi za kombe zamani zikiisha sare ilikuwaje, akasema matuta ya penalti yaliingia kwenye sheria 1970, kabla ya hapo mnarudiana au inarushwa sarafu, na akatukumbusha nusu fainali ya Ulaya ya 1968, Italia na Urusi ya zamani, dakika 120 hakuna bao, sarafu ikampeleka Italia fainali. Vijana wakacheka sana. "Sarafu? Tumesafiri kilomita 540 halafu sarafu?" Pale pale ndipo mtu yeyote angeweza kuuliza swali la maana, nalo ni: sisi leo ikiisha sare tunaondoka saa ngapi? Ratiba yetu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kurudi, "kuondoka saa 12:15 jioni". Ile ilikuwa nakala ya ratiba ya mechi ya ligi tuliyoenda mwezi uliopita, mtu alibadilisha jina la mji tu. Mechi ya ligi sare ni sare mnaenda nyumbani. Hii ilikuwa mechi moja ya kombe, lazima mmoja atoke.

Tulifika eneo la maegesho saa 10 na dakika 31. Mechi dakika ya 31. Tukakimbia. Kuna jambo moja la kukimbia nje ya uwanja huku mechi inaendelea ndani ambalo sijawahi kuliona linaandikwa, ni kwamba unaangalia mechi kwa masikio. Tupo kwenye foleni ya kukaguliwa, nimenyanyua mikono mlinzi ananipapasa mifuko, likaja lile wimbi la sauti kutoka ndani, likaanza upande mmoja likazunguka uwanja mzima, na halikukatika. Mlinzi akanitazama usoni akasema "pole". Bao la timu yako ugenini halisikiki hivyo, linasikika kama kundi dogo linapiga kelele kwenye kona halafu kimya kizito kote kulikobaki. Tukaingia jukwaani dakika ya 44, moja bila, tumelipia mechi nzima tukaona zaidi kidogo ya nusu.

Kipindi cha pili kilikuwa chetu. Dakika ya 78 tukasawazisha kwa kichwa cha kona, na sasa ile sauti ndogo ya kwenye kona ilikuwa sisi. Sitaelezea zaidi, aliyekuwepo anajua. Dakika 90 zikaisha, saa ilikuwa 11 na dakika 51 jioni. Hapo hapo kiongozi akaanza kuangalia simu yake kila dakika, na mimi nikafikiri ana wasiwasi wa matokeo.

Dakika za nyongeza ni 15 mara mbili, na katikati kuna kupumzika kwa kunywa maji tu kisichozidi dakika moja, ila kabla ya kuanza wachezaji wanakaa chini wanakandwa misuli, na kila kipindi kina sekunde zake za kufidia. Ukiweka yote ni kama dakika 40. Filimbi ya 120 ikalia saa 12 na nusu. Halafu refa akawaita manahodha, sarafu ya kwanza ya kuchagua goli, ya pili ya nani aanze. Goli likatoka lile la mbali, mwisho mwingine wa uwanja, kwa hiyo sisi wa kona yetu tuliona migongo tu na mipira midogo kama punje. Tulianza sisi. Tukakosa la pili. Wao wakakosa la tatu. Mpaka la tano sisi nne, wao tatu wakiwa na mkwaju mmoja mkononi, na kipa wetu akaruka kushoto, na kwa umbali ule sikuona mkono wake, niliona tu wachezaji wetu wanakimbia. Daftari langu mstari huo umeandikwa kwa mwandiko ambao sio wangu, nadhani nilimpa mtu anishikie akaandika yeye. "4-3!!!! TUMEPITA."

Halafu tukazuiwa jukwaani, kawaida ya ugenini, wenyeji watoke kwanza, karibu nusu saa. Halafu kuimba. Halafu kutafutana. Daftari: "Saa 1:20 usiku. Tumeondoka." Saa nzima na dakika tano nyuma ya mstari wa ratiba.

Sasa turudi kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamfikiria. Yule mzee dereva aliamka saa 10 alfajiri, kwa sababu basi lilitakiwa lioshwe na lijazwe mafuta kabla ya sisi kufika. Aliendesha saa nane. Kuanzia tulipofika mpaka tulipoondoka alikuwa na saa tatu kasoro, na hizo zingetosha kulala saa mbili nzuri kabisa. Hakulala hata dakika. Nilimuuliza baadaye ilikuwaje. Akasema watu wa maegesho walimsogeza mara mbili, halafu kiongozi wetu alimuomba asifunge basi kwa sababu mabegi ya watu yamo ndani na kuna ambao wangerudi mapema, na ilipofika dakika za nyongeza naye alikuwa anasikiliza redioni, na nani angelala. Ni shabiki kama sisi. Kumbe tulikuwa na shabiki wa 53.

Watu waliofanya utafiti wa usingizi wanasema mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, uwezo wake wa kuitikia jambo unafanana na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkamata dereva. Hesabu kutoka saa 10 alfajiri: saa 17 zinatimia saa 3 usiku. Kwa ratiba ya karatasi, ile ya kuondoka saa 12:15 jioni, mzee angefika nyumbani kati ya saa 8 na saa 9 usiku akiwa na saa 22 au 23 bila kulala. Kwa hiyo hata bila matuta, hata bila dakika za nyongeza, hata tungefungwa mapema tukaondoka kwa hasira, zaidi ya nusu ya safari ya kurudi ilikuwa imepangwa iendeshwe na mtu aliye kwenye hali ile. Matuta yaliongeza saa moja tu juu ya jambo ambalo tayari lilikuwa bovu. Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu, wao wanasema "mechi ilirefuka ndo maana", mimi nasema hapana.

Saa ya kwanza ya kurudi basi lilikuwa disko. Mzee anacheka, anapiga honi kwa mdundo. Na hii ni hatari ambayo sikuijua: kelele zinamfanya mtu aliyechoka aonekane mzima, na zikikatika, zinakatika ghafla. Kufika saa 3 na kitu watu wote wamelala. Watu 50 na zaidi wanakoroma, taa za ndani zimezimwa, joto, barabara nyeusi. Aliyebaki macho ni mimi, na sio kwa sababu ya wema wowote, ni kwamba kile kiti cha mbele hakiegemei nyuma vizuri, hakikutengenezwa kulalia.

Nikaanza kuona vitu. Cha kwanza, mwendo. Sindano ilikuwa imetulia kwenye 80 tangu tutoke mjini, sasa inashuka 72, inapanda 80, inashuka 68, na hakuna kilima. Mguu wa mzee ulikuwa unalegea halafu anaukumbuka. Cha pili, nilimuuliza, "Mzee, bado kilomita ngapi?" akakaa kimya kama sekunde nne hivi ndipo akasema "Eeh?" Cha tatu ndo kilinitoa usingizi wote: tairi la kushoto likapanda ile mistari ya pembeni yenye mikwaruzo, ikanguruma sekunde moja, akarudisha usukani kwa nguvu. Akasema "samahani". Akafungua dirisha. Akapandisha redio.

Dirisha na redio havisaidii, vinakufanya ujione umeamka kwa dakika chache tu na usingizi uko palepale. Ulichobakisha ni kulala. Kahawa inasaidia kidogo, ila inachukua kama nusu saa kufanya kazi, na sisi tulikuwa kwenye 80 kwa saa. Kwa mwendo huo basi linakwenda mita 22 kwa sekunde. Macho yakifunga sekunde nne, na huyo mwenye kusinzia hata hajui kwamba yamefunga, ni mita 89. Kiwanja cha mechi za kimataifa ni mita 100 hadi 110 kwa urefu. Yaani kutoka kwa kipa mmoja mpaka karibu kabisa na eneo la hatari la mwenzake... hapana, ndani ya eneo la hatari la mwenzake, dereva hayupo.

Saa 3:40 kwenye daftari nimeandika: "Mzee anasinzia. Nifanyeje." Ningependa kusema nilichukua hatua palepale. Nilikaa dakika 20. Niliona haya. Mimi kijana nimwambie mzee wa umri ule simama umechoka, mbele ya watu? Na akikataa? Na huku nikijua vizuri nani alipaswa kukaa pale nilipokaa. Nikageuka nikamgusa yule mzee wa nyuma yangu, wa sarafu ya 1968. Akaamka, sikumaliza hata kueleza, akatazama sindano ya mwendo kwa muda, halafu akaja mbele akainama karibu na dereva akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ndugu yangu, mimi nina umri wako. Nimebanwa. Ukiona kituo cha mafuta simama." Hakusema umechoka. Hakumwaibisha. Nilijifunza kitu hapo kuhusu kuongea na watu.

Tukasimama saa 4:05 usiku, tukiwa tumebakiza kilomita kama 390. Na hapa ndipo ubishi wa asubuhi ukarudi kwa sura nyingine. Basi likizima watu wanaamka. Nini? Kuna nini? Kuna wenye kazi asubuhi, kuna dada ameacha mtoto kwa jirani, kuna jamaa anasema mzee anywe kahawa, apumzike nusu saa, twende. Nusu saa ya kulala si mbaya, inampa mtu nguvu za muda, na kama mngebakiza kilomita 60 ningesema sawa. Ila hesabu yetu ilikuwa saa sita nyingine barabarani, tungeondoka karibu saa 5 usiku tungefika saa 11 alfajiri, na kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi ndio kipindi mwili wa binadamu unapodai usingizi kuliko wakati wote mwingine, hata kwa mtu aliyelala mchana. Tungemuingiza mzee kwenye kile kipindi akiwa na nusu saa ya kuegemea usukani.

Jamaa mmoja akasema ana leseni. Tukamuuliza ya nini. Ya gari dogo. Kaa chini.

Aliyemaliza ubishi safari hii ni kiongozi, na hapa lazima nimpe haki yake. Alisimama kwenye ngazi akasema, "Hiki kiti cha mbele kilikuwa cha dereva wa pili, mimi ndiye niliyekiuza. Hatuendi popote mpaka mzee alale. Mwenye kazi asubuhi nipe namba ya bosi wako nimpigie mimi." Hakutaja jina langu. Watu walimtukana sana, na wengine hawajaacha mpaka leo.

Mzee alikataa kwanza, akasema yuko sawa. Kisha akakaa kwenye kiti changu maana usukani unabana miguu, tukampa jaketi mbili za timu, na kabla hatujashuka wote alikuwa ameshalala mdomo wazi. Mimi nikakaa nje kwenye ukingo wa zege na yule mzee wa sarafu. Tulipiga hesabu pamoja nyuma ya tiketi yangu, kwa mwanga wa pampu. Saa nane barabarani, saa moja na robo vituo, nusu saa geti, saa moja ya akiba kwa ajili ya lori na ajali na mvua. Saa 10 na dakika 45. Mechi saa 10 jioni, ondoka saa 11 na robo alfajiri. Kurudi, weka mwisho wa mechi kwenye matuta siku zote, kama saa moja zaidi ya dakika 90, na ikiisha mapema mshukuru. Madereva wawili, na wa pili alale kwenye basi mchana wakati mechi inachezwa, awe yeye ndiye anayeshika kurudi. Kama hamna dereva wa pili, lipieni vitanda mlale hukohuko. "Na orodha?" nikamuuliza. Akachukua kalamu akaandika 51, akaipigia mistari miwili chini.

Tulimwamsha saa 9 usiku, kalala karibu saa tano. Hatukumruhusu ashike usukani palepale, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye usingizi mzito akili inachukua kama robo saa mpaka nusu saa kurudi, akatembea, akanawa uso, akakagua matairi. Saa 9:45 tukaondoka. Sindano ikakaa kwenye 80 kama imegundishwa. Nilimuuliza bado kilomita ngapi, akajibu kabla sijamaliza swali.

Mstari wa mwisho wa ukurasa: "Saa 3:50 asubuhi. Tumefika wote." Yule kaka wa shati safi alikuwa pale kituoni, amekuja kulipokea basi aliendeshe safari nyingine. Nikashuka wa kwanza kwa sababu niko mlangoni, nikampisha kiti, nikataka kumwambia kitu, akaniuliza tu, "Mmeshinda?"